Hesabu moja ya uzito: kisa cha pwani ya Bothnia na mizizi ya milima

Katika kisiwa kidogo cha Lövgrund, nje ya mji wa Gävle mashariki mwa Uswidi, kuna mwamba wenye alama iliyochongwa mwaka 1731 kwa agizo la Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala ambaye jina lake limebaki kwenye vipimajoto. Alama ilichongwa pale maji ya bahari yalipokuwa yakifika wakati huo, ili vizazi vijavyo viweze kupima mabadiliko bila kutegemea kumbukumbu za wazee. Leo alama hiyo iko karibu mita 2 juu ya maji. Nitakieleza kisa hiki hatua kwa hatua, kwa sababu hesabu inayoeleza mwamba huu kupanda ndiyo hiyohiyo inayoeleza kwa nini mlima mrefu lazima uwe na mzizi mrefu zaidi chini yake. Watu wengi hufundishwa mambo haya mawili katika sura mbili tofauti za kitabu, na hivyo hawapati nafasi ya kuona kwamba ni jambo moja.

Celsius hakusubiri alama yake itoe jibu. Alikuwa na ushahidi wa aina nyingine, nao ulitoka kwa wawindaji wa sili. Katika Ghuba ya Bothnia, bahari inayotenganisha Uswidi na Ufini, sili hupenda kujilaza juu ya mawe yanayochomoza kidogo tu kutoka majini, kwa kuwa hawawezi kupanda jiwe refu. Jiwe zuri la sili lilikuwa mali: lilirithishwa, liliuzwa na lilitozwa kodi, kwa hiyo liliandikwa katika hati. Celsius alizipitia hati hizo na kukuta mawe ambayo katika karne ya 16 yalikuwa ya kuwindia, ilhali katika siku zake yalikuwa juu mno kiasi kwamba hakuna sili angeweza kuyapanda. Kutokana na mawe hayo alikadiria kwamba maji yanashuka takriban sentimita 1.4 kwa mwaka, akachapisha matokeo yake mwaka 1743. Kadirio hilo lilikuwa karibu mara mbili ya kasi halisi ya eneo la Gävle, na sababu yake si ngumu kuona, maana hati inayosema kwamba jiwe fulani lilikuwa zuri kwa sili haisemi lilichomoza kwa kiasi gani siku lilipouzwa. Hata hivyo mwelekeo aliuona sawasawa, nao ulilingana na yale ambayo wakazi wa pwani walikuwa wameyaishi kwa muda mrefu. Mji wa Luleå, kaskazini zaidi, ulilazimika kuhamishwa mwaka 1649 kwa sababu bandari yake ilikuwa imekuwa na kina kidogo mno kwa vyombo.

Kosa la Celsius lilikuwa katika tafsiri. Yeye aliamini kwamba maji ya bahari yanapungua. Wapo waliompinga, akiwemo Mfini Ephraim Otto Runeberg, ambaye katika miaka ya 1760 alisema kwamba kinachosogea ni nchi kavu. Ubishi huu haukuweza kumalizwa kwa kupima mahali pamoja, kwa sababu mtu aliyesimama penye alama moja haoni tofauti kati ya maji yanayoshuka na mwamba unaopanda. Ulimalizwa kwa kulinganisha mahali pengi. Kama maji ndiyo yanayoshuka, basi bahari moja iliyoungana haiwezi kushuka kwa kasi kubwa kaskazini, kwa nusu ya kasi hiyo katikati, na isishuke kabisa kusini, kwa sababu maji yangetiririka na kusawazisha tofauti hiyo mara moja. Lakini vipimo vinaonyesha tofauti ya namna hiyo hasa: karibu na Umeå na Skellefteå pwani huonekana kupanda milimita 8 au 9 kwa mwaka kulinganisha na bahari, Stockholm karibu nusu ya kiasi hicho kwa wastani wa muda mrefu, na katika ncha ya kusini ya Uswidi karibu sifuri. Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza aliyekuwa na mashaka makubwa juu ya jambo hili, alikwenda Uswidi mwaka 1834, akazikagua alama yeye mwenyewe, Lövgrund ikiwemo, na akarudi akiwa amekubali kwamba nchi ndiyo inayopanda.

Kukubali kwamba nchi inapanda si kueleza kinachoipandisha. Hakuna volkano Uswidi, na eneo hilo halina mpaka wa mabamba ya dunia yanayogongana. Ilihitajika nguvu iliyo kubwa, tulivu na ya kudumu maelfu ya miaka. Ufunguo wa swali hilo ulipatikana mbali sana na Bothnia, katika tambarare za kaskazini mwa India, na watu walioupata hawakuwa wakifikiria habari za Uswidi hata kidogo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wapimaji chini ya George Everest walikuwa wakipima safu ndefu ya pembetatu kutoka kusini hadi kaskazini mwa India. Umbali kati ya vituo viwili, Kalianpur katikati ya India na Kaliana karibu na Himalaya, ulipatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupima pembetatu juu ya ardhi. Ya pili ilikuwa kupima latitudo ya kila kituo kwa kutazama nyota, na hapo mpimaji hutegemea timazi, kwa sababu timazi ndiyo inayomwambia wima ni wapi. Majibu ya njia hizo mbili yalitofautiana kwa sekunde 5.236 za pembe, yaani takriban mita 160 juu ya ardhi katika umbali wa karibu kilomita 600. Kwa watu waliokuwa wakipima kwa uangalifu wa hali ya juu kama wao, hilo halikuwa jambo la kupuuzwa.

John Henry Pratt, kasisi wa Kalkuta aliyekuwa pia mwanahisabati hodari, aliona kwamba Himalaya yenyewe huenda inavuta timazi. Mlima ni maada, na maada huvuta maada, kwa hiyo timazi ya Kaliana ilipaswa kuelemea kaskazini kidogo. Alikadiria ujazo wa milima na wa uwanda wa juu ulio nyuma yake, akakokotoa mvuto wake, akapata kwamba tofauti kati ya vituo viwili ingepaswa kuwa sekunde 15.885. Hapo ndipo palipo uzuri wa kisa hiki. Pratt alitafuta sababu ya kosa dogo, akapata sababu iliyo kubwa mara tatu kuliko kosa lenyewe. Swali likageuka: haikuwa tena kwa nini timazi imeelemea, ila kwa nini imeelemea kidogo hivyo, kana kwamba thuluthi mbili za mvuto wa Himalaya hazipo.

Jibu lililosimama hadi leo kwa upande wa Himalaya lilitolewa mwaka 1855 na George Biddell Airy, Mwanaastronomia wa Kifalme wa Uingereza. Airy alianza kwa kuuliza kama ganda la dunia lina nguvu ya kubeba uwanda mkubwa namna ile bila kuvunjika, akaonyesha kwa hesabu kwamba halina. Basi kama uwanda haubebwi kwa ugumu wa ganda, lazima unaelea. Alitumia mfano wa magogo yaliyo majini: tukiona gogo moja limechomoza juu kuliko mengine, tunajua bila kuzamia kwamba sehemu yake ya chini nayo imezama zaidi kuliko ya wenzake. Ganda ni jepesi kuliko koti, tabaka nene la mwamba mzito lililo chini yake, na chini ya kila sehemu iliyoinuka lazima kuwe na mzizi wa maada nyepesi uliosukuma maada nzito ikaondoka. Mlima huvuta timazi kwa wingi wake ulio juu, lakini upungufu wa uzito ulio mzizini huondoa sehemu kubwa ya mvuto huo, na ndiyo maana timazi ya Kaliana haikuelemea kama Pratt alivyotarajia.

Kanuni hii ndiyo inayoitwa isostasia, nayo inaweza kuwekwa katika sentensi moja: chukua nguzo mbili za maada zenye upana sawa, zikishuka hadi kina kimoja ndani ya koti, uzito wake lazima uwe sawa. Nguzo moja ikiwa nzito kuliko nyingine, koti litasukumwa kutoka chini ya iliyo nzito kwenda chini ya iliyo nyepesi mpaka usawa urudi.

Tufanye hesabu yenyewe kwa Tibet. Uwanda wake uko takriban kilomita 5 juu ya usawa wa bahari. Densiti ya ganda la bara ni karibu kilo 2,800 kwa mita ya ujazo, na ya koti la juu ni karibu 3,300. Kilomita 5 za ziada za ganda zilizo juu zina uzito ambao lazima ufidiwe chini. Kila kilomita ya mzizi inachukua mahali pa kilomita moja ya koti, na kwa kufanya hivyo inapunguza kilo 500 kwa kila mita ya ujazo, yaani tofauti kati ya 3,300 na 2,800. Basi mzizi unaohitajika ni 5 × 2,800 ÷ 500, ambayo ni kilomita 28. Ganda la kawaida la bara lina unene wa karibu kilomita 35. Ukijumlisha 35, 5 na 28 unapata 68. Airy hakuwa na njia yoyote ya kuupima mzizi huo moja kwa moja. Karne moja na zaidi baadaye, mawimbi ya matetemeko ya ardhi, ambayo hubadili kasi yanapovuka kutoka kwenye ganda kuingia kwenye koti, yalionyesha kwamba ganda chini ya sehemu kubwa ya Tibet lina unene wa karibu kilomita 70.

Angalia kinachoamua urefu wa mzizi katika hesabu hiyo. Tunagawanya kwa 500 kwa sababu tofauti ya densiti kati ya ganda na koti ni ndogo, na kwa hiyo mzizi hutoka mara tano au sita ya urefu unaoonekana juu. Kama koti lingekuwa zito zaidi, mizizi ingekuwa mifupi. Pratt naye alipendekeza njia nyingine ya kupata usawa huohuo, kwamba nguzo zote zinafika kina kimoja ila zile ndefu zimetengenezwa kwa maada nyepesi zaidi. Wazo lake halikufa, maana linafaa kwa migongo ya katikati ya bahari, ambako mwamba umesimama juu kwa sababu una joto na umetanuka. Kwa milima iliyotokana na mabara kugongana, Airy ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Mzizi huo pia ndio unaoifanya milima ichelewe kuisha. Mvua na mito ikiondoa kilomita moja ya mwamba kutoka kwenye safu pana ya milima, mzigo hupungua, koti huingia chini, na ganda hupanda kwa 2,800 ÷ 3,300 ya kilomita hiyo, yaani karibu mita 850. Kwa hiyo kimo cha wastani hushuka mita 150 tu. Ili safu ishuke kilomita moja kamili, lazima ipoteze zaidi ya kilomita 6 za mwamba. Ushahidi wa hili uko karibu nasi. Miamba ya Usambara, Upare na Uluguru ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, mabaki ya milima iliyoinuka mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na madini yaliyomo, hasa garneti, yanaonyesha kwamba miamba hiyo ilipikwa kwa shinikizo linalopatikana kilomita 25 au zaidi chini ya ardhi. Mtu anayetembea Lushoto anakanyaga sakafu ya milima ambayo imepanda kidogo kidogo kadiri paa lake lilivyokuwa likiondolewa. (Kimo cha Usambara cha leo ni habari nyingine, kwa kuwa kinatokana na mipasuko ya baadaye sana iliyoinua vipande vya ganda.)

Sasa tunaweza kurudi Bothnia tukiwa na kile kilichokosekana. Mwaka 1865 Mskochi Thomas Jamieson, akichunguza mashapo ya baharini yaliyo juu ya nchi kavu kwao, alipendekeza kwamba barafu kubwa ya zama zilizopita iliibonyeza nchi kwa uzito wake, na kwamba nchi ilianza kupanda barafu ilipoyeyuka. Kwa maneno ya hesabu yetu, barafu ni mzigo uliowekwa juu ya nguzo. Safari hii hakuna mzizi wa ganda unaoongezeka. Ganda lenyewe linazama likiwa na unene uleule, na koti linaondoka kutoka chini yake kiasi cha kutosha kusawazisha uzito wa barafu.

Barafu ina densiti ya karibu 917. Kila kilomita moja ya barafu inahitaji kuondoa 917 ÷ 3,300 ya kilomita ya koti, yaani karibu mita 280. Miaka takriban 20,000 iliyopita, barafu iliyofunika Skandinavia ilikuwa na unene wa kilomita 3 hivi katikati yake, na katikati hapo palikuwa karibu na pwani ya kaskazini ya Ghuba ya Bothnia. Zidisha, upate zaidi ya mita 800. Hicho ndicho kina ambacho nchi ilizama ikiwa barafu ilikaa muda wa kutosha kufikia usawa, na ndicho kiasi ambacho inapaswa kupanda tena hadi mwisho. Vilevile jibu hili linaeleza mara moja kwa nini kasi ya kupanda hupungua kadiri tunavyosogea mbali na kaskazini mwa ghuba: tunasogea kutoka palipokuwa na barafu nene kwenda palipokuwa na nyembamba. Mwishoni mwa karne ya 19 Gerard De Geer alichora ramani ya Uswidi akiunganisha mahali ambapo ufuo wa kale wa juu kabisa uko kwenye kimo kimoja, akapata mistari inayozunguka kitovu hichohicho.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Höga Kusten, pwani ya juu ya Uswidi, iliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuna mlima huko uitwao Skuleberget wenye kimo cha mita 295. Kwenye mita 286 juu ya bahari ya leo umeonekana mstari wa ufuo wa kale. Chini ya mstari huo mawimbi yameosha mwamba na kuuacha mtupu, na juu yake udongo ulioachwa na barafu umebaki ukiwa na miti. Barafu ilipoondoka hapo, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mlima wote ulikuwa majini isipokuwa kilele chake, kisiwa kisichozidi mita 10 kwenda juu. Msomaji ataona kwamba 286 ni pungufu sana kuliko 800, na tofauti hiyo inahitaji maelezo. Sehemu kubwa ya kupanda ilitokea wakati barafu ikiendelea kupungua unene lakini ingali imefunika mahali hapo, na barafu haiachi alama ya ufuo. Tena, bahari ya dunia nzima nayo ilikuwa ikipanda wakati huo kwa maji ya barafu iliyoyeyuka, kwa hiyo kimo cha ufuo wa kale ni kupanda kwa nchi baada ya kutoa kupanda kwa bahari. Anayesoma kimo cha ufuo wa kale kana kwamba ni kupanda kwa nchi kwa ukamilifu wake anakosea kwa makumi ya mita.

Linabaki swali la muda. Barafu imekwisha kitambo, mbona nchi ingali inapanda? Ni kwa sababu koti si kimiminika. Ni mwamba mgumu, ambao mawimbi ya tetemeko huupita kama yanavyopita kitu kigumu chochote, lakini kwa joto lake na kwa muda mrefu unajongea polepole sana. Mwaka 1935 Norman Haskell alitumia historia ya kupanda kwa Skandinavia kukadiria mnato wa koti, akapata takriban 10²¹ kwa kipimo cha paskali-sekunde. Kadirio hilo bado linatumika kama wastani. Kwa mnato huo na kwa mzigo wenye upana wa Skandinavia, bonde lililobaki hupungua hadi karibu thuluthi moja ya kina chake kila baada ya miaka 4,000 hadi 5,000. Kasi ni kubwa mwanzoni, kisha hufifia pamoja na kina kilichobaki. Hii inatupa njia rahisi ya kukadiria kilichosalia: zidisha kasi ya leo kwa muda huo. Kwa milimita 9 kwa mwaka na miaka 4,500, tunapata karibu mita 40. Ni kadirio la mtu anayetumia muda mmoja kwa tabaka zote za koti, na mahesabu yaliyo kamili zaidi hutofautiana, lakini ukubwa wake ni huo wa makumi ya mita.

Mpaka hapa mtu mwenye shaka anaweza kusema kwamba tumeeleza nchi inayopanda bila kuonyesha kwamba koti kweli linaingia chini yake. Huenda mwamba ulikuwa umebanwa tu na barafu, na sasa unatanuka. Shaka hiyo ni halali, na kipimo kilichoijibu ndicho ninachokithamini zaidi katika kisa chote. Tangu mwaka 1966 wanasayansi wa nchi za Nordiki wamekuwa wakipima mvutano wa dunia kwenye mstari unaokatiza Skandinavia karibu na latitudo 63, na miaka iliyofuata vikaongezwa vipimo vya ala ambazo huangusha kioo kidogo ndani ya mrija usio na hewa na kufuatilia anguko lake kwa leza. Ala hizo husoma mabadiliko ya mikrogali chache, na mikrogali moja ni karibu sehemu moja katika bilioni ya mvutano tunaouhisi.

Hoja ni hii. Ardhi ikipanda milimita moja, ala iliyo juu yake inakuwa mbali zaidi na kitovu cha dunia, na mvutano unapungua kwa mikrogali 0.31. Hiyo ndiyo hali ikiwa hakuna maada mpya iliyoingia chini. Lakini kama tabaka la koti lenye unene wa milimita moja limeingia, nalo linavuta, na mvuto wake ni karibu mikrogali 0.14. Tofauti inayobaki ni 0.17. Kwa hiyo, mahali panapopanda milimita 8 kwa mwaka, dhana ya kutanuka inatabiri kupungua kwa takriban mikrogali 75 katika miaka 30, na isostasia inatabiri karibu 40. Vipimo vya Skandinavia vimetoa uwiano ulio karibu na 0.16 au 0.17 kwa kila milimita, mbali kabisa na 0.31. Koti linaingia. Kipimo chenyewe si rahisi, kwa sababu theluji iliyorundikana kuzunguka jengo au maji ya ardhini yaliyopanda baada ya mvua huweza kubadili usomaji kwa mikrogali kadhaa, zaidi ya badiliko la mwaka mzima. Ndiyo maana hakuna anayetoa hukumu kwa vipimo vya miaka miwili au mitatu, na ndiyo maana wapimaji hupenda kurudi kituo kilekile katika msimu uleule.

Hata hivyo, hesabu ya nguzo ina mipaka, na anayeitumia bila kuijua atapotea. Nguzo tulizozichora zinateleza kila moja peke yake, ilhali tabaka gumu la juu la dunia ni kitu kimoja kilichoungana, chenye unene wa makumi ya kilomita na zaidi, nalo hupinda likiwa zima. Mzigo wenye upana wa mamia ya kilomita, kama barafu ya Skandinavia au uwanda wa Tibet, huliinamisha tabaka hilo mpaka usawa upatikane. Mzigo mwembamba hubebwa kwa sehemu kubwa na ugumu wa tabaka, na eneo linalouzunguka husaidia kuubeba. Kwa hiyo si kila mlima una mzizi. Mfano ulio kwetu ni Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambao una kimo cha mita 5,109 na ungestahili, kwa hesabu ya Airy, mzizi wa kilomita zaidi ya 20. Mawimbi ya tetemeko yaliyopimwa huko yameonyesha kwamba ganda chini yake si nene. Ni jembamba kuliko ganda la kawaida la bara. Ruwenzori ni pande la ganda lililoinuliwa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda linavutwa na kupungua unene, na linasimama kwa nguvu nyingine. Kipimo cha mzizi kikikosekana chini ya mlima mwembamba ulio ufani, isostasia haijavunjika. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni upana wa mzigo.

Ugumu huohuo wa tabaka, pamoja na koti lililosukumwa pembeni, ulifanya nchi zilizokuwa nje kidogo ya ukingo wa barafu zivimbe barafu ilipokuwa nzito. Koti linaporudi kaskazini, uvimbe huo unashuka, na hivyo sehemu za Uholanzi zinazama kidogo kwa sababu ileile inayoipandisha Umeå. Mtu anayesoma vipimo vya kina cha bahari bandarini bila kuondoa mwendo huu atadhani kwamba bahari ya kaskazini mwa Bothnia inashuka na ya Uholanzi inapanda kupita kawaida. Siku hizi vituo vya GPS vilivyofungwa juu ya mwamba, vilivyoanza kuwekwa kwa wingi katika nchi hizo mwaka 1993, hupima mwendo wa nchi kutoka kwenye kitovu cha dunia, si kutoka kwenye maji. Navyo hutoa karibu milimita 10 kwa mwaka kitovuni mwa eneo hilo, zaidi kidogo ya kile ambacho vipimo vya bandari huonyesha, kwa kuwa bahari nayo inapanda.

Upande wa Ufini, katika visiwa vya Kvarken vilivyoongezwa kwenye urithi wa Höga Kusten mwaka 2006, nchi mpya inayotokea majini hufikia karibu kilomita moja ya mraba kila mwaka. Hapo ghuba ni nyembamba, na kina cha maji juu ya kizingiti chake, yaani mwinuko wa sakafu ya bahari unaoikata ghuba, ni kama mita 20. Kwa kasi ya milimita 8 kwa mwaka bila kubadilika, mita 20 zingetimia baada ya miaka 2,500, na sehemu ya kaskazini ya ghuba ingekuwa ziwa. Lakini kasi ya nchi inafifia kadiri bonde linavyojaa, na kasi ya bahari ya dunia imekuwa ikiongezeka katika miongo ya karibuni. Huko Stockholm tayari kupanda kwa bahari kunameza sehemu kubwa ya kupanda kwa nchi. Ikiwa kizingiti cha Kvarken kitafunga au hapana itategemea zaidi barafu ya Greenland na Antaktika kuliko deni ambalo koti bado linalilipa kwa barafu iliyokwisha yeyuka.